Daftari la Oveni na Kikaango cha Hewa

Wasomaji wetu wataniwia radhi wiki hii, kwani nimetoka katika mlango niliouzoea nikaingia jikoni, na si jikoni mwangu bali mwa binti yangu.

Binti yangu ameolewa Nakuru. Anaishi na mumewe na watoto wawili katika nyumba ya kupanga isiyo mbali na Bondeni, na jiko lake ni chumba ambacho watu wawili wakisimama, wa tatu hungoja mlangoni. Oveni kubwa ya marehemu mama yake imebaki kwetu Mombasa, kwani haikuwa na mahali pa kukaa kule. Kilichosafiri ni daftari. Ni daftari la shule lenye jalada lililochakaa, na ndani yake marehemu aliandika kila pishi aliloliamini kwa kalamu ya wino: viungo, vipimo vyake, na mwisho wa kila ukurasa mstari mmoja unaotaja moto wa oveni na dakika. Kuku wa kuoka, nyuzi 200, dakika 45. Mkate wa mayai, nyuzi 180, dakika 35. Na kadhalika hadi ukurasa wa mwisho.

Mumewe alimnunulia kile chombo ambacho siku hizi kimejaa madukani, nacho ni kikaango cha hewa, ambacho vijana wanakiita eafraya. Kwa asiyekijua, ni chombo kinachoweza kukaa juu ya meza, kina koili ya moto juu, feni nyuma ya koili hiyo, na chini yake kapu lenye matundu ambamo chakula huwekwa. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ilikionyesha mjini Berlin mwaka 2010, na tangu hapo wengine wengi wameunda vya kwao. Jina lake linapotosha kidogo, kwani hakikaangi. Ukikitazama vizuri ni oveni ndogo yenye upepo mkali, na mtu akilishika hilo hawezi kupotea njia mbali sana.

Nilifika Jumatano. Jumamosi walitarajiwa wageni kutoka Malindi, yaani mavyaa yake na mashemeji wawili, nao walikwisha kula kwa marehemu mara nyingi na wanaijua ladha ya mkono wake. Binti yangu alitaka wale kuku yule yule na mkate ule ule. Usiku huo akanifungulia daftari, akaniambia, "Baba, kila kitu kimeandikwa, lakini kimeandikwa kwa oveni. Nikifuata, naunguza. Nikikisia, nakitoa kibichi." Nikamwambia tutajaribu pamoja kabla ya wageni kufika, na mimi nitashika saa na kalamu.

Alhamisi tulianza na kuku. Yeye alikuwa amesikia kwa rafiki zake kwamba chombo hiki hupika upesi, kwa hiyo kanuni yake ilikuwa kukata dakika kwa nusu na kuuacha moto ulivyo. Akaweka mapaja sita yaliyolala usiku kucha katika mtindi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu, akaweka nyuzi 200 kama daftari lisemavyo, na dakika 23. Zilipofika dakika 15 harufu ilikwisha kubadilika. Tulipotoa, ngozi ilikuwa imekaribia weusi, na kingo zilikuwa zimekauka kama ganda. Tukachoma kisu penye nyama nene karibu na mfupa, na maji yaliyotoka yalikuwa mekundu. Tulikuwa na makosa mawili katika kipande kimoja, nje kimepita na ndani hakijafika. Lau ingekuwa siku ya wageni, wangekula kwa kuangalia nje na kudhani kimeiva, na kuku aliye mbichi ndani si aibu tu, ni maradhi.

Kwa nini ikawa hivyo? Nilimweleza kwa mfano wa pale pale Nakuru. Asubuhi ya Julai baridi ya mji ule ni kali, lakini ukisimama mahali pasipo upepo unaistahimili. Upepo ukishuka kutoka Menengai, baridi ile ile, bila kuongezeka hata nyuzi moja, inakuingia mifupani. Sababu ni kwamba mwili hujitengenezea blanketi jembamba la hewa yenye joto kuuzunguka, na upepo hulivua. Katika oveni ya kawaida hewa imetulia, na nyama nayo hujifunika blanketi, ila lake ni la hewa ya baridi na mvuke unaotoka ndani yake. Joto hulipenya blanketi hilo polepole. Katika kikaango cha hewa feni inalivua blanketi hilo kila nukta, na joto huipiga ngozi moja kwa moja. Kwa hiyo nyuzi 200 zenye upepo, kwa upande wa ngozi ya kuku, ni kali kuliko nyuzi 200 zilizotulia.

Lakini upepo huo hauingii ndani ya nyama. Kutoka kwenye ngozi hadi kwenye mfupa joto husafiri kwa mwendo wake lenyewe, na feni haina uwezo wa kulisukuma huko. Hapo ndipo kosa la Alhamisi lilipokuwa. Ngozi iliharakishwa sana, kiini kiliharakishwa kidogo, na sisi tukakata dakika kana kwamba vyote viwili vimekwenda sawa. Ndiyo maana mambo mawili hufanywa pamoja: moto hupunguzwa ili ngozi imsubiri mwenziwe wa ndani, na dakika hupunguzwa kwa sababu hata kiini nacho kinawahi, ijapokuwa si kwa kiasi kile.

Vipimo vinavyotumiwa na wapishi wengi ni hivi: toa nyuzi 15 hadi 20 katika moto ulioandikwa, na toa sehemu moja katika tano, au robo, katika dakika. Tukachukua ukurasa wa kuku. Nyuzi 200 tukatoa 20, zikabaki 180. Dakika 45 tukatoa robo, zikabaki kama 34. Nikaandika pembeni kwa penseli, si kwa wino, kwani hesabu hii inakuonyesha pa kuanzia tu. Kisha tukaongeza sharti moja ambalo mimi naliona ni muhimu kuliko hesabu yenyewe, nalo ni kuanza kuchungulia ikishapita thuluthi mbili ya muda mpya. Kwetu ilikuwa dakika ya 22.

Jioni tukarudia. Kwanza tuliliacha kapu lipate moto dakika nne bila kitu, kwa sababu daftari lilichukulia kwamba oveni imekwisha washwa na kupata moto. Mapaja tukayafuta mtindi uliozidi, tukayapanga bila kugusana, ngozi juu. Dakika ya 12 tukageuza, na baadaye tukarejesha ngozi juu. Dakika ya 22 binti yangu alitia kipimajoto katikati ya paja nene, mbali na mfupa, kikasoma nyuzi 66. Bado. Nyama ya kuku hutakiwa ifike nyuzi 74 ndani. Tukarudisha kwa dakika tano, na dakika ya 27 kipimajoto kikasoma 76, maji yakatoka meupe, na ngozi ikawa na rangi ya kahawia iliyokoza bila uchungu. Hesabu ilituambia 34, chombo kikatuambia 27. Lau tungeondoka tukaja kurudi kengele ilipolia, tungekuta nyama kavu. Mapaja yetu yalikuwa ya wastani na kapu halikujaa, kwa hiyo yaliwahi, na siku nyingine yenye mapaja makubwa hesabu ingeweza kuwa kweli kabisa.

Kuhusu kipimajoto, nina la kusema kidogo, kwani lilitusumbua. Kabla ya kukitumia binti yangu alitaka kukihakiki kwa maji yanayochemka, kama alivyofundishwa shuleni, na maji yakichemka mbele ya macho yetu kikasoma 94. Akasema ni kibovu, arudishe dukani. Hakikuwa kibovu. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na mahali pa juu kama hapo hewa ni nyepesi na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Kwetu pwani maji huchemka kwa 100, Nakuru kwa kama 94. Kwa hiyo kipimajoto kinachosoma 94 katika maji ya Nakuru kinasema kweli. Jambo hilo halibadilishi kuku, kwa kuwa 74 ziko mbali chini ya 94, lakini tutaliona tena tukifika kwenye mkate.

Kosa jingine la tarakimu nililiona kwa jirani. Chombo chake aliletewa zawadi kutoka Ghuba, na kilipowashwa kilikuwa kinahesabu kwa Farenhaiti. Akaweka 180, akangoja nusu saa, akapata kuku wa uvuguvugu. Nyuzi 180 za Farenhaiti ni kama 82 za Selsiasi, moto ambao hata chapati hauiivishi. Kitufe cha kubadilisha kipo katika vyombo vingi, na alama ya C au F huonekana pembeni mwa tarakimu. Kadhalika mapishi ya Marekani huagiza kupunguza nyuzi 25, na watu huku huzitoa 25 katika Selsiasi. Zile ni 25 za Farenhaiti, ambazo kwetu ni 14 tu. Pishi lao la nyuzi 400 likishushwa hadi 375 linakuwa kama 190 kwa Selsiasi, wala si 175.

Na kama pishi lako limeandikwa kwa oveni yenye feni, aliyeliandika amekwisha punguza moto kwa ajili ya upepo. Ukipunguza tena unapunguza mara mbili, na utapata ngozi laini iliyopauka. Hapo moto uache ulivyo, au utoe nyuzi tano tu, kisha ushughulike na dakika peke yake. Oveni ya marehemu haikuwa na feni, nayajua hayo kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiirekebisha mlango wake.

Ijumaa baada ya sala tukageukia kuku wa kupaka, kwani mavyaa yake anaupenda. Hapa daftari linaagiza kuku alazwe katika trei, amwagiwe tui zito lenye manjano, pilipili na ndimu, aingizwe katika oveni, na achotewe tui lile mara kwa mara. Pishi kama hili haligeuzwi kwa hesabu peke yake. Kapu lina matundu, tui linapita chini, linaungua kwenye sahani ya moto, na moshi wake hujaza nyumba. Hata lile linalobaki juu ya kuku lina mafuta na utamu unaowahi kuungua chini ya koili iliyo karibu kiasi hicho. Tulifanya hivi: kuku akaokwa mkavu na viungo vyake kwa nyuzi 180 hadi alipobakisha kama dakika tano, na wakati huo tui likawa linachemka polepole jikoni, likapungua likawa zito kama uji mwepesi. Kisha tukampaka kwa kijiko, dakika mbili na nusu upande mmoja, tukageuza, tukapaka, dakika mbili na nusu upande wa pili. Tui lililobaki likamwagwa juu yake mezani. Sitasema ni sawasawa na la oveni, kwa sababu lile la oveni hunywa mchuzi wa kuku mwenyewe ndani ya trei. Lakini harufu ya tui lililoshikwa na moto ilikuwepo.

Sasa nifike kwenye mkate wa mayai, ambao ulitutoa jasho.

Wakubwa katika wasomaji wetu wanakumbuka jinsi mkate huu ulivyopikwa kabla ya oveni kuingia majumbani. Sufuria huwekwa juu ya makaa machache, hufunikwa kwa bati au sinia, na juu ya bati hilo hupaliwa makaa mengine. Mpishi hodari alijua kuyagawa makaa ili mkate upande kabla ya uso wake kufunga. Oveni ilikuja ikafanya kazi hiyo kwa urahisi, kwani moto wake hutoka chini na hewa ikazunguka polepole. Kikaango cha hewa kina makaa ya juu tu. Na mkate wa maji maji haukai kwenye kapu lenye matundu, ni lazima uwe ndani ya bati, na kuta za bati huukinga na upepo ubavuni na chini. Kwa hiyo uso wa mkate unapigwa na moto na upepo wote, ilhali chini yake kuna moto mdogo kuliko ule wa oveni. Ile tofauti ya ngozi na kiini tuliyoiona kwa kuku, hapa imekuwa kubwa zaidi.

Daftari linataka mayai 6, sukari kikombe kimoja, unga wa ngano kikombe kimoja na iliki, katika bati la inchi 9. Bati hilo haliingii kapuni. Tukachukua la inchi 6 na kuvigawa viungo nusu, mayai 3, sukari nusu kikombe, unga nusu kikombe. Mtu anaweza kudhani kwamba mkate wa nusu utaiva kwa nusu ya muda. La, kinachohesabiwa ni kina cha mkate ndani ya bati. Bati la inchi 6 ni dogo kuliko nusu ya lile la inchi 9, kwa hiyo uji wa mayai ulipanda kiasi kile kile, hata ukazidi kidogo. Joto lilikuwa na safari ile ile ya kwenda katikati.

Mara ya kwanza tulifuata kanuni ya kuku: 180 toa 20, ikawa 160, na dakika 35 toa robo, ikawa 26. Dakika ya 15 uso ulikuwa wa kahawia nzito na umepasuka katikati kama ardhi ya kiangazi. Kwenye ufa ule ulikuwa unachungulia uji mbichi. Tuliuacha hadi dakika 26, kijiti kikatoka na unga mbichi, tukaongeza nyingine nane. Ulipotoka ulikuwa umeungua juu, umepauka chini, na ulipopoa ukabonyea katikati.

Kubonyea kulinishangaza, kwa sababu hakukuelezwa na moto peke yake. Alinieleza jirani mmoja, mzee aliyefanya kazi katika kiwanda cha mikate miaka mingi. Alisema, "Shehe, huo mkate ni wa Mombasa. Hapa juu utapanda haraka kuliko utakavyoshikana." Maana yake ni kwamba mkate wa mayai hauna hamira wala baking poda, kinachoupandisha ni mapovu ya mayai yaliyopigwa. Hewa ya Nakuru ikiwa nyepesi, mapovu hayo hutanuka zaidi yakipata joto, kuta zake zinakuwa nyembamba mno, na zinapasuka kabla ya unga na yai kushikana. Sukari nyingi nayo huchelewesha kushikana huko. Waokaji wa nyanda za juu huongeza moto wa oveni ya kawaida kidogo ili mkate ufunge mapema, kama nyuzi 8 hadi 14. Hapo nikaona hesabu mbili zinavutana: chombo kinasema punguza moto, mlima unasema ongeza.

Tukaamua kila kimoja kipewe haki yake mahali pake. Jambo la mlima tulilitatua ndani ya bakuli: tukapunguza sukari kijiko kimoja cha chakula katika ile nusu kikombe, tukaongeza unga kijiko kimoja cha chakula, na mayai tukayapiga mpaka yakawa meupe na mazito lakini bado yanatiririka, tukaacha kabla hayajasimama. Marehemu ameandika "piga mpaka mwiko usimame", na kwa Mombasa alisema kweli. Jambo la chombo tulilitatua kwa moto: tukashuka nyuzi 30 badala ya 20, yaani 150. Dakika hatukuzikata robo. Tuliziacha karibu zilivyo, tukakubaliana kuanza kutazama dakika ya 25.

Dakika ya 15 uso ulikuwa wa rangi ya dhahabu na umefunga. Hapo tukaufunika kwa foili ili usiendelee kupata rangi wakati katikati kunaiva. Foili hii ina hatari yake. Feni ni kali, na kipande kilichowekwa tu juu hupeperuka kikaenda kugusa koili. Lazima kikunjwe kikaze chini ya ukingo wa bati. Karatasi ya kuokea ni hivyo hivyo, isiwekwe kapuni peke yake wakati chombo kinapata moto, itaruka na kuungua. Wala mtu asitandaze foili kapuni kote ili asioshe, kwani ataziba matundu ambayo upepo hupitia, na atabaki na oveni mbovu. Nasema haya kwa kuwa yote mawili tuliyafanya siku ya kwanza.

Dakika ya 25 kijiti kilitoka na unyevu. Dakika ya 31 kikatoka kikavu, na mkate ulipobonyezwa kwa kidole ukarudi juu. Hivyo basi, kwa mkate huu tulipunguza moto nyuzi 30 na dakika nne tu, ilhali kwa kuku tulipunguza nyuzi 20 na dakika 18. Kanuni ni ile ile, ila chakula kilicho wazi kwa upepo kinawahi sana, na kilicho ndani ya bati hakiwahi, kinachohitaji ni kulindwa uso. Vitu vyembamba, kama sambusa au viazi vya Shangi vilivyokatwa vipande, viko upande wa pili kabisa: kiini chake hakiko mbali na ngozi, basi moto unaweza kupunguzwa nyuzi 10 tu na dakika zikakatwa theluthi, mradi kapu litikiswe katikati ya muda.

Jumamosi ilituonyesha mpaka wa chombo hiki. Watu walikuwa tisa na kapu hubeba mapaja sita. Shemeji mmoja alishauri tuyapange kwa tabaka mbili, nasi tukakataa, kwa sababu vipande vikilaliana upepo haupiti kati yake, na vya chini huchemka kwa mvuke badala ya kuokeka. Tukapika kwa mikupuo mitatu. Mkupuo wa pili uliiva dakika ya 24, tatu kabla ya ule wa kwanza, kwa sababu chombo kizima kilikuwa kimekwisha shika moto, na tungelikosa hilo kama tungetegemea saa bila kipimajoto. Wa kwanza alikaa ndani ya sufuria iliyofunikwa akisubiri, akapoteza ukavu wa ngozi, tukamrudisha kapuni dakika mbili kabla ya kuandaa. Mwenye kupikia watu ishirini atafanya vyema kutafuta oveni, au kurudi kwenye makaa.

Mavyaa yake alikula paja, akala la pili. Akakata mkate, akauliza, "Huu ni wa mama yako?" Binti yangu akasema ndiyo, ila sukari imepungua kijiko. Mavyaa akasema yeye alidhani iliki ndiyo imezidi.

Usiku baada ya wageni kulala, binti yangu alikaa na daftari. Mistari ya mama yake hakuifuta. Chini ya kila mmoja aliandika wa kwake kwa penseli: kuku, 180, dakika 27, tazama 22, mkate, bati la inchi 6, 150, dakika 31, foili kuanzia 15. Ukurasa unaofuata ni wa samaki wa kuoka, nyuzi 190, dakika 30. Alinipigia simu juzi kuniambia amepata sato wa Naivasha, ni mwembamba kuliko changu wa kwetu, na ataanza kwa 170 na kuchungulia dakika ya 12.